Simu za Maskati na nje: dakika moja hasa yagharimu ngapi?

BintiLangoni (Lamu)
Assalaam aleikum jamaa. Kakangu yuko Maskati, eneo la Ruwi, afanya kazi dukani. Bibi yetu yuko Matondoni na ana kabambe tu, ile ya vitufe, na hataki kusikia habari ya simu nyingine. Mimi niko mjini Lamu na simu janja. Kaka apenda kuzungumza na bibi mara mbili tatu kwa wiki, si mazungumzo marefu, dakika nne au tano, amsikie sauti na aulize dawa za presha.

Mpaka sasa kaka hununua kadi za kupigia nje, zile za kukwangua. Kadi ya rial 2 imeandikwa dakika 50 za Kenya. Lakini asema haimalizi hata wiki mbili. Mimi nikajaribu kumpigia kutoka huku kwa bando la simu za nje, likanishinda pia. Nataka mwenye kujua anifanyie hesabu: kadi, bando na programu za simu, kipi rahisi kwa dakika na kipi kina sauti nzuri? Bibi masikio yake si ya jana.

Nahodha_Mpaji (Lamu)
Bi Langoni, mbona wajisumbua? WhatsApp ni bure. Mimi nazungumza na watu wa Mombasa, wa Zanzibar, wa Uingereza, silipi hata ndururu. Hizo kadi ni mambo ya zamani, achaneni nazo.

BintiLangoni
Nahodha, kaka akinipigia WhatsApp simu yangu yalia, nikipokea yaandika inaunganisha, kisha kimya. Ujumbe wa maandishi wafika, hata wa sauti wafika. Simu ndiyo haiendi. Na bibi hana WhatsApp.

MzeeWaKibanda (Lamu)
Nahodha yuko sawa kwa Mombasa na Uingereza, lakini Oman ni jambo jingine. Oman na Falme za Kiarabu huzuia simu za sauti na video za WhatsApp, maandishi huyaacha yapite. Ndiyo maana simu yaanza kulia, maana taarifa ya kwamba fulani anakupigia hupita, halafu sauti yenyewe haipati njia. Mkiona hivyo msihangaike kufuta programu na kuiweka upya, simu haina tatizo.

Na hata hilo la bure si bure, ni rahisi sana tu. Simu ya sauti ya WhatsApp hula kama nusu MB kwa dakika, kupanda na kushuka kidogo kwa kutegemea mtandao. Tuseme umenunua data GB 1 kwa shilingi 100: MB moja ni senti 10, basi dakika ni senti 5. Shilingi moja inakupa kama dakika 20. Video ni hadithi nyingine, hula mara kumi ya hapo na zaidi. Anayetaka kujua yake mwenyewe asinitegemee mimi, aende hapa:

`Settings > Storage and data > Network usage`

Ashuke chini abonyeze `Reset statistics`, apige simu moja ya dakika kumi, arudi atazame mstari wa simu: zilizotumwa na zilizopokelewa, ajumlishe, agawe kwa kumi. Tahadhari moja tu: usiwe huna bando la data ukapiga. Data ikikatwa moja kwa moja kwenye kredi, bei ya MB ni ya juu mara nyingi, na hapo hiyo bure yako itakushangaza.

Sasa Binti, kabla sijakufanyia hesabu ya kadi, muulize kaka mambo mawili. Kwanza, kadi yakata kwa dakika moja moja au kwa mafungu? Pili, kuna ada ya kuunganisha kila simu? Huandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Kijana_wa_Casuarina (Malindi)
Habari wakuu. Nami nina shida hiyo hiyo. Kuna mama wa Kiitaliano alikuwa na nyumba hapa Malindi, sasa amerudi kwao kwa sababu ya umri. Mimi nilikuwa namtunzia bustani na mpaka leo naangalia nyumba. Yeye hana simu ya mkononi ila ya mezani. Niwekee bando la simu za nje la kampuni gani?

MzeeWaKibanda
Kijana, yako si hiyo hiyo, ni nyingine kabisa, na kwa bahati ni rahisi zaidi. Nitakurudia, nimalize na Binti kwanza.

BintiLangoni
Kaka kajibu. Kadi yahesabu kwa mafungu ya dakika tatu tatu. Ada ya kuunganisha ni baisa 60 kila simu. Bei iliyoandikwa ni baisa 40 kwa dakika.

MzeeWaKibanda
Vizuri, sasa twende pole pole. Rial 2 ni baisa 2,000. Ukigawa kwa 40 unapata dakika 50, kwa hiyo aliyeandika dakika 50 hakusema uongo. Ameeleza tu hali ambayo haitokei: mtu apige simu moja, ada isiwepo, azungumze mpaka kadi iishe.

Kaka yako apiga dakika nne. Dakika nne kwa mafungu ya tatu ni mafungu mawili, yaani analipia sita. Sita mara 40 ni 240, weka ada ya 60, jumla 300. Kwa kadi ya 2,000 anapata simu sita, baisa 1,800, na 200 zinazobaki zinamtosha simu moja ya dakika tatu, 180. Jumla ya mazungumzo: dakika 27. Kadi ya 50 imempa 27, na kila dakika imemtoka baisa 74. Rial ya Oman imefungwa kwa dola, ni kama dola 2 na senti 60, kwa hiyo kwa shilingi ya siku hizi rial yakaribia 335. Baisa 74 ni shilingi 25 kwa dakika.

Kadi hiyo hiyo, siku ya Idi, akipiga simu moja ya dakika 30 ili azungumze na nyumba nzima: 1,200 na ada 60, ni 1,260. Kwa dakika ni baisa 42, shilingi 14. Kadi ni ileile na bei iliyoandikwa ni ileile. Kilichobadilika ni urefu wa simu.

Kwa hiyo akiendelea na hizo kadi, dakika nne ni urefu mbaya. Azungumze tatu au sita. Akipitisha tatu kwa sekunde moja ameshalipia sita, basi na amalize zote sita amuulize bibi habari za mbuzi.

Nahodha_Mpaji
Hahaha, bibi mwenyewe akianza habari za mbuzi sita hazitoshi.

Abu_Ruwi (Maskati)
Salaam kutoka Ruwi. Mimi ni mtu wa Faza, niko huku muda. Niongeze la kadi: kuna zenye nambari mbili za kupigia kabla ya kuingiza namba ya siri, moja ya kawaida ya hapa mjini na moja ya bure. Ile ya bure si bure, dakika za kadi hupungua haraka zaidi ukipitia hapo. Wenzetu wengi hawajui, waona neno bure wanakimbilia. Na ile ya kawaida nayo hukata salio la simu yako kama simu ya humu nchini, hilo hesabuni pia.

Kuhusu programu: kwangu Google Meet hupita kwenye waifai ya kazini. Kwenye data ya simu siku moja hupita, siku nyingine sauti hukatika kama redio mbovu. Jirani yangu asema kwake haipiti kabisa. Siwezi kuwapa kauli moja.

Mjukuu_wa_Shela
Si aweke VPN tu jamani, WhatsApp ipige kazi.

Abu_Ruwi
Ndugu, wewe uko Shela waogelea, sisi tuko huku na viza ya tajiri. Usitufundishe hilo.

MzeeWaKibanda
Abu_Ruwi kasema. Falme za Kiarabu sheria ya mwaka 2021 inayohusu kuitumia VPN ili kutenda kosa ina faini inayoanzia dirham 500,000. Kule ziko programu zilizoruhusiwa, BOTIM ndiyo watu wetu wa Dubai wanaoitumia zaidi. Oman wana utaratibu wao. Na hata bila sheria, VPN huipeleka sauti nchi ya tatu kwanza kisha iirudishe, kwa hiyo sauti huchelewa. Mtu amekwepa kizuizi halafu wanaongea wakipandiana maneno.

BintiLangoni
Shukran Maalim, hesabu nimeielewa. Lakini kuna jambo jingine la kadi. Bibi mara nyingi hapokei. Asema namba ni ya humu humu, 07 na kitu, na kila siku namba nyingine. Aogopa ni wale walaghai wa kuomba namba ya siri ya M-Pesa. Kaka yuko Oman, namba yake yaanza na 968. Mbona yaja ya Kenya?

MzeeWaKibanda
Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Simu ikitoka nje ikaingia Kenya kwa mlango wa mbele, mtandao wa huku hulipwa na mtandao wa kule kwa kuifikisha kwa bibi. Bei hiyo ya kufikisha simu za nje ni kubwa. Lakini simu ya ndani kwa ndani, ya mtandao mmoja kwenda mwingine, Mamlaka ya Mawasiliano imeweka kiwango kidogo: Machi 2024 kiliwekwa senti 41 kwa dakika. Tazama pengo hilo. Mjanja huichukua simu ya kaka yako, huileta Kenya kwa intaneti, halafu ana kisanduku chenye laini nyingi za Kenya, huitoa humo kama simu ya kawaida ya jirani. Analipa bei ya ndani, anauza dakika chini ya bei ya mlango wa mbele. Ndiyo maana kadi yaweza kuandika bei ndogo vile, na ndiyo maana bibi aona 07.

Nchi inakosa mapato, ndiyo, na biashara hiyo ni kosa la sheria. Lakini nyinyi mnaotumia mnaumia kivingine. Sauti hupita intaneti ya bei ya chini, hubanwa, hufunguliwa, kisha hubanwa tena na mtandao wa simu. Masikio ya mzee hayapendi hilo: konsonanti zinapotea, anasikia vokali tu. Laini ikigunduliwa hufungwa, simu inakatika katikati, na kaka akipiga tena analipa ada ya kuunganisha upya. Na namba kwa kuwa si yake, bibi akipiga nyuma hampati.

Dalili ni hizo tatu: namba ya Kenya kwa simu ya nje, namba kubadilika kila mara, na ukipiga nyuma haipatikani au yapokelewa na kimya. Ukiziona zote, badilisheni kadi hata kama ni rahisi.

Nahodha_Mpaji
Kumbe! Mimi nilidhani mtandao hukosea namba tu.

Fatuma_wa_Kiunga
Mimi nina swali la kijinga. Bibi asipopokea, kadi yakatwa au haikatwi? Mume wangu asema yakatwa.

MzeeWaKibanda
Si la kijinga hata kidogo. Simu ikilia bila kupokelewa haipaswi kukatwa. Ikiingia kwenye kisanduku cha sauti, hiyo imehesabiwa imepokelewa: fungu la dakika tatu na ada, kwa kadi ya kaka yake Binti ni baisa 180 kwa kusikiliza mashine. Basi laini ya mzee zimeni hicho kisanduku cha sauti.

Lakini mumeo huenda yuko sawa kwa njia nyingine. Kuna wasafirishaji wa simu wasio waaminifu ambao huanza kuhesabu wakati simu bado yalia. Kwa simu ya kawaida ungeona saa ya simu imeanza kabla mtu hajasema halo. Kwa kadi saa hiyo haikusaidii, maana huanza pale unapounganishwa na mashine ya kadi. Njia ni moja: sikiliza salio linalotajwa kabla ya kupiga, piga namba ambayo mmekubaliana isipokelewe, kata, ingia tena usikilize salio. Likipungua, umeshajua.

BintiLangoni
Na bando langu la huku? Nilinunua, nikapiga 968, nikazungumza, kisha naona kredi yangu imeliwa na bando liko vilevile halijaguswa.

MzeeWaKibanda
Bila shaka Oman haimo katika nchi za bando hilo. Mabando mengi ya simu za nje yamejengwa juu ya nchi ambazo kuzifikia ni rahisi: Marekani, Kanada, India, Uchina. Nchi za Ghuba kuzifikia ni ghali, kwa hiyo ama hazimo ama zina bando lao la dakika chache. Na mara nyingine nchi imo lakini kwa simu za mezani tu.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kupiga mara ya kwanza kwa bando jipya, hakikisha kredi ya kawaida ni sifuri au karibu na hapo. Bando likiwa lafanya kazi, simu itaenda. Likiwa halihusu nchi hiyo, simu itakataa na hujapoteza kitu. Ukiwa na kredi ya shilingi mia tano imekaa, mtandao hautakuuliza, utaichukua humo humo.

Na hesabu ya bando ni moja tu: gawa bei kwa dakika ulizozungumza, usigawe kwa zile ulizopewa. Tuseme bando la shilingi 100 ni dakika 10 kwa saa 24. Ukizungumza nne na bibi kalala, dakika imekugharimu 25, sawasawa na kadi ya kaka yako. Bando la siku moja ni la mtu mwenye maneno mengi siku hiyo.

Kijana_wa_Casuarina
Mzee, na mimi?

MzeeWaKibanda
Wewe mama yako ni wa simu ya mezani, Italia. Simu za mezani za Ulaya kuzifikia ni bei ndogo mno, ndogo kuliko simu za mkononi za nchi nyingi. Kwa hiyo usitafute bando. Tafuta programu inayopiga simu za kawaida kwa salio la kulipia kabla, mfano Viber Out au Yolla. Yeye hahitaji intaneti wala programu, simu yake ya mezani italia kama kawaida. Wewe ndiye unatumia data kidogo na salio lako. Kabla hujaweka pesa, fungua orodha ya bei yao, chagua Italia, utaona bei ya mezani na bei ya mkononi ziko mbali.

Angalia mambo mawili. Salio lina muda wa kuisha? Na wakata kwa dakika au kwa sekunde? Halafu namba: ya mezani ya Italia usiondoe sifuri. Sisi tumezoea 0722 ikawa +254 722. Italia haiondolewi, kama ni ya Roma ni +39 06 na kuendelea. Ukiitoa, hutampata.

Kijana_wa_Casuarina
Wacha wee! Ndiyo maana. Nimekuwa nikipiga bila sifuri, namsikia mashine wa Kiitaliano ananikaripia.

Zamani_Saiba
Si mngetumia Skype? Mimi nilipiga mezani Ulaya miaka na miaka, senti tu.

MzeeWaKibanda
Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, ndugu. Kama ulikuwa na salio humo, ingia kwenye Teams kwa akaunti ileile utazame.

Kijana_wa_Casuarina
Nimejaribu. Amepokea! Tatizo ni kwamba nasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi. Data yangu mbovu?

MzeeWaKibanda
Hapana, mwangwi wa sauti yako watoka upande wake. Simu yake ameiweka spika, au mkono wa simu yake ni wa zamani, sauti yako yatoka kwenye kisikizi chake na kuingia kwenye kisemeo chake. Mwambie atoe spika au apunguze sauti. Ukitaka kujua la kwako: maneno yakikatika katikati au sauti ikawa kama ya roboti, hiyo ni data yako inapoteza vipande. Maneno yakiwa mazima lakini mnagongana, kila mmoja aanza mwenzake hajamaliza, hiyo ni kuchelewa.

Kuchelewa kupimeni hivi: wewe sema moja, yeye akisikia aseme mbili papo hapo, wewe tatu, mpaka kumi. Mkihesabu kwa mwendo wa kawaida kama mko baraza moja, safi. Kila namba ikikaa kidogo kabla ya kujibiwa, njia ni ndefu. Wataalamu wa simu wa kimataifa hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikipita 400 hapo hakuna mazungumzo, kuna hotuba za kupokezana.

Nahodha_Mpaji
Mimi na mwanangu wa London siku hizi twapandiana maneno hivyo hivyo. WhatsApp. Zamani haikuwa hivi. Na waifai ya nyumbani ni nzuri.

MzeeWaKibanda
Nahodha, tazama `Settings > Privacy > Advanced`, kuna `Protect IP address in calls`. Ikiwa imewashwa, simu haiendi moja kwa moja kati yenu, hupitia kwanza seva za WhatsApp. Wenyewe wasema yaweza kupunguza ubora. Izime ujaribu, na mwanao azime.

Isipokuwa hiyo, basi huenda ni nyaya za baharini. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko, pwani nzima ilijua. Simu hazikufa, zilizunguka njia ndefu.

Nahodha_Mpaji
Imewashwa! Nani kaiwasha?

Mjukuu_wa_Shela
Mimi babu. Ulisema watu wakuchunguza.

BintiLangoni
Turudi kwa bibi jamani. Kuna mtu kanambia: kaka anipigie mimi kwa Meet, nami nimpigie bibi kwa laini nyingine, niziunganishe.

Fatuma_wa_Kiunga
Sisi twafanya hivyo! Simu mbili, zote spika, moja juu ya nyingine, kichwa hiki na miguu hii. Kelele lakini wasikilizana.

MzeeWaKibanda
Kitufe cha kuunganisha simu mbili kwenye simu yako huunganisha simu za laini kwa laini. Simu ya programu na simu ya laini hakiwezi. Kwa hiyo inabaki njia ya Fatuma ya kubusisha simu, na hiyo kwa bibi mwenye masikio mazito siipendi. Sauti ya kaka itapita spika, hewani, kisemeo, kisha mtandao. Ni kama kumsemesha kupitia ukuta. Kwa dharura sawa.

Binti, kwa hali yenu mimi ningegawa mambo mawili. Wewe na kaka, mambo ya pesa na dawa na habari ndefu, tumieni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, huo haujazuiwa, na Meet siku ikikubali. Hiyo ni senti. Kwa bibi, kaka asipige kwa kadi, apige kutoka kwenye laini yake mwenyewe kwa kifurushi cha nje cha mtandao wa kule, Omantel au Ooredoo au Vodafone, chochote chenye Kenya ndani yake. Huenda kila dakika ikawa juu kidogo kuliko bei iliyoandikwa kwenye kadi. Lakini ailinganishe na 74, asiilinganishe na 40. Na bibi aone 968 ileile kila siku, aandikiwe jina kwenye kabambe, apokee kengele ya kwanza.

Abu_Ruwi
Hapo nina shaka kidogo, Maalim. Nimewahi kupiga kwa laini ya kawaida ya huku, si kadi, nyumbani wakaona namba ya Kenya.

MzeeWaKibanda
Hutokea. Mtandao wa kule nao hununua njia kwa wasafirishaji, na msafirishaji wa mwisho akitafuta faida anaweza kuisukuma kwa mlango wa nyuma bila wao kujua. Wapigie huduma kwa wateja uwape tarehe, saa na namba iliyoonekana. Wao wanazitaka habari hizo, maana wamelipia njia nzuri wakapewa mbovu. Ila sikuhakikishii watakujibu.

BintiLangoni
Kaka kauliza dukani kwao. Kifurushi cha laini yake kina Kenya, wakata kwa dakika moja moja, hakuna ada ya kuunganisha. Kwa hesabu yake yaja baisa 65 akimaliza dakika zote ndani ya muda wake.

Abu_Ruwi
Na asipozimaliza?

BintiLangoni
Kifurushi ni dakika 40 kwa mwezi. Akipiga mara mbili kwa wiki dakika nne nne, ni 32 hivi.

MzeeWaKibanda
Bei yake basi ni baisa 2,600. Gawa kwa 32, ni 81. Imepita kadi kwa baisa 7. Apige mara mbili zilezile kwa wiki, ila bibi azungumze dakika tano, 40 zote zaisha, arudi 65. Dakika ya tano yake ni bure kweli, Nahodha, hiyo nakuachia.

BintiLangoni
Amepiga jana jioni. Bibi kaona 968, kapokea. Asema kasikia mpaka muadhini wa kule. Ila mara moja ilikatika dakika ya pili, sijui ni kule au ni mtandao wa Matondoni.

MzeeWaKibanda
Siku ikikatika tena, mpigie wewe bibi papo hapo kwa simu ya kawaida. Ukikuta hapatikani, ni mnara wa huku. Ukimpata bila taabu, ni njia ya kule.

Fatuma_wa_Kiunga
Na Jedda? Dadangu yuko Jedda. WhatsApp yaenda leo, kesho haiendi.

MzeeWaKibanda
Saudia walitangaza kufungua simu za intaneti Septemba 2017, kwa programu zinazotimiza masharti yao. Ya WhatsApp nasikia kila mtu na lake. Aliyeko huko atuambie: sauti tu au na video? Data ya simu au waifai?

Ummu_Jedda
Mimi niko huku. Kwangu sauti yaenda kwenye waifai, video hapana. Dada wa Fatuma atumia mtandao gani?